Shabaha imevukwa, hasara imebaki: hesabu ya mchanganyiko wa mauzo katika mgahawa mdogo

Ndugu wenye migahawa, na ninyi mnaoshika daftari za jikoni na za kaunta, karibuni.

Tuanze na mwezi mmoja wa mgahawa mdogo wa mfano. Mwenye mgahawa amejiwekea shabaha: akiuza bidhaa 3,000 kwa mwezi, gharama zote zinarudi, hapati faida wala hasara. Mwezi umekwisha, risiti zimehesabiwa, bidhaa zilizouzwa ni 3,100. Amevuka shabaha kwa 100. Lakini akifunga hesabu anakuta hasara ya 2,400. Hakuna aliyeiba, bei za soko hazikupanda, na mpishi hakuzidisha kipimo. Hata ile 3,000 ilikokotolewa kwa kanuni iliyo sahihi. Leo nataka tuifungue hesabu hii mpaka ionekane hasara imepitia mlango gani, maana ni mlango ambao migahawa mingi midogo huuacha wazi.

Nitataja fedha kwa tarakimu tupu. Kila mmoja aweke sarafu yake.

Mgahawa wetu unauza makundi matatu: sahani ya nyama kwa 100, sahani ya mboga kwa 60, na kinywaji kwa 20. Swali la kwanza ni hili: katika bei hiyo, ni kiasi gani kinabaki baada ya kulipia kile kilichotumika kwa bidhaa hiyo moja? Kinachobaki ndicho tunachokiita mchango, yaani mchango wa kulipia kodi ya pango, mishahara na gharama nyingine zinazokuja hata kama mteja hakuingia. Gharama inayozaliwa na bidhaa moja tunaiita gharama inayobadilika: usipouza, haipo.

Tuikokotoe sahani ya nyama taratibu, kwa sababu hapa ndipo makosa huanza. Nyama inanunuliwa kwa 140 kwa kilo, na kila sahani inapewa gramu 200 zilizopimwa mbichi baada ya kusafishwa. Wengi wataandika gharama ya nyama kuwa 28. Hiyo ni bei ya nyama pamoja na mafuta, mishipa na vipande vinavyotupwa. Ukiisafisha kilo hiyo, juu ya mizani zinabaki gramu 700 za kupika. Kwa hiyo gawanya 140 kwa 0.7, upate 200. Hiyo ndiyo bei halisi ya kilo inayofika kwenye sufuria, na gramu 200 zinagharimu 40. Ongeza chakula kinachoandamana na nyama 10, mafuta na viungo 3, gesi 3, karatasi za kupangusia na vitu vidogo vya mezani 2. Jumla 58. Mchango wa sahani ya nyama ni 42.

Ungeacha ile 28, mchango ungesomeka 54, na shabaha yako ya mwezi ingeshuka chini ya ukweli kwa mamia ya bidhaa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu hakuna kanuni, hata iwe nzuri namna gani, inayoweza kurekebisha mchango uliokosewa mwanzoni. Nunua kilo tatu kwa nyakati tofauti, zisafishe mwenyewe, pima kabla na baada, uchukue wastani. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja moja, na matokeo yake unayatumia miezi kadhaa. Na kama bei yako ina kodi ya mauzo ndani yake, itoe kodi hiyo kwanza kabla ya kufanya lolote. Si fedha yako.

Kwa njia hiyo hiyo, sahani ya mboga inagharimu 24, mchango wake ni 36. Kinywaji kinagharimu 8, mchango wake ni 12.

Sasa gharama zisizobadilika kwa mwezi. Pango 24,000. Mishahara ya mwezi 38,000. Umeme wa majokofu na taa pamoja na maji 5,400. Sehemu ya mwezi ya leseni na bima 4,000. Uchakavu wa jiko, majokofu na vyombo 6,000. Jumla 77,400. Kwa kibarua anayelipwa kwa siku, jiulize: mteja wa ziada akiingia, malipo yake yanapanda? Kama unamwita kila Jumamosi hata wateja wawe wachache, weka malipo yake huku, katika gharama zisizobadilika.

Kama tungekuwa tunauza bidhaa moja tu, tungegawanya 77,400 kwa mchango wake na kumaliza. Lakini tuna michango mitatu: 42, 36 na 12. Tugawe kwa upi? Mtu mwenye haraka atajumlisha mitatu na kugawa kwa tatu, apate 30. Kisha 77,400 gawanya kwa 30, bidhaa 2,580. Hesabu hiyo imechukulia kwamba vinywaji, mboga na nyama vinauzwa sawa kwa sawa. Risiti zinasema vinginevyo: katika kila bidhaa 10 zinazotoka, 3 ni sahani za nyama, 2 ni za mboga, na 5 ni vinywaji. Huo ndio mchanganyiko wa mauzo, na lazima kila mchango upewe uzani kulingana nao.

Njia iliyo rahisi kushika ni ya fungu. Chukua fungu moja la bidhaa 10 kama zinavyouzwa. Nyama 3 zinaleta 126. Mboga 2 zinaleta 72. Vinywaji 5 vinaleta 60. Fungu zima linaleta mchango wa 258, yaani 25.8 kwa kila bidhaa kwa wastani. Gawanya 77,400 kwa 258, unapata mafungu 300 kamili. Mafungu 300 ni bidhaa 3,000: nyama 900, mboga 600, vinywaji 1,500. Mauzo yake ni 90,000 na 36,000 na 30,000, jumla 156,000. Toa gharama zinazobadilika, ambazo ni 52,200 na 14,400 na 12,000, jumla 78,600. Zinabaki 77,400 zilezile. Usiache kamwe kurudi nyuma namna hii kuhakiki; jibu lisipogota kwenye gharama zisizobadilika, umekosea mahali. Na likitoka na desimali, panda juu daima, kwa sababu nusu ya fungu haiuziki.

Yule wa bidhaa 2,580, kwa mchanganyiko huu wa kweli, angeambulia mchango wa 66,564, huku akiamini amerudisha gharama zote. Kumbe amepungukiwa 10,836.

Lipo kosa lingine linalofanana na hilo, nalo hukamata hata watu wa hesabu. Ripoti ya kaunta mara nyingi hutoa asilimia ya fedha, si ya idadi. Nyama inaonekana ni karibu asilimia 58 ya mauzo, mboga 23, vinywaji 19. Mtu huchukua uzani huo na kuuzidisha kwa michango ya 42, 36 na 12, akapata wastani wa karibu 34.85. Ni mkubwa mno, kwa sababu uzani wa fedha umekutanishwa na mchango wa kila kipande. Uzani wa idadi uende na mchango wa kipande kimoja. Uzani wa fedha uende na mchango kama asilimia ya bei, ambayo hapa ni 42 kwa nyama, 60 kwa mboga na 60 kwa kinywaji. Ukifanya hivyo unapata asilimia 49.6 hivi, na 77,400 ukiigawa kwa uwiano huo bila kuufupisha, unarudi kwenye mauzo ya 156,000. Njia zote mbili zinafika mahali pamoja mradi usizichanganye.

Sasa turudi kwenye mwezi wenye hasara. Risiti zake zilikuwa hivi: nyama 700, mboga 700, vinywaji 1,700. Jumla kweli ni 3,100. Lakini michango yake ni 29,400 na 25,200 na 20,400, jumla 75,000. Toa 77,400: hasara 2,400. Wastani wa mchango haukuwa 25.8 tena, ulikuwa 24.2 hivi. Kwa mchanganyiko wa mwezi huo, alihitaji bidhaa 3,200. Ile shabaha ya 3,000 ilikuwa ahadi yenye sharti, na sharti lilikuwa tatu kwa mbili kwa tano. Sharti limevunjika, ahadi imekwenda nalo. Kwa hiyo, popote unapoandika idadi ya kurudisha gharama, andika na mchanganyiko wake kando yake, kwenye mstari uleule. Idadi peke yake haina maana.

Wengi hapo wangeridhika na kusema: basi tuangalie wastani wa mchango kila mwezi, ukipanda ni heri, ukishuka ni shari. Naomba tusikilizane vizuri hapa, maana wastani huo unaweza kupanda huku biashara ikidhoofika.

Fikiria kwamba katika fungu letu, zile sahani 5 ni wateja 5, kila mmoja amekula sahani moja na kunywa kinywaji kimoja. Sasa wateja 2 kati ya 5 wanaacha kununua kinywaji. Fungu linabaki na nyama 3, mboga 2, vinywaji 3. Mchango wake unashuka kutoka 258 hadi 234. Wateja ni walewale, viti ni vilevile, fedha imepungua. Hakuna anayeweza kuiita habari njema. Lakini fungu sasa lina bidhaa 8, si 10. Ukigawa 234 kwa 8 unapata 29.25. Wastani wa mchango umepanda kutoka 25.8! Na bidhaa zinazohitajika zimeshuka kutoka 3,000 hadi 2,647. Mwenye mgahawa anayesoma karatasi hiyo atafurahi. Angehesabu kwa wateja angeona jambo jingine kabisa: mwanzoni kila mteja alileta 51.6, akahitaji wateja 1,500. Sasa kila mteja analeta 46.8, anahitaji wateja 1,654. Ameongezewa kazi ya kuwatafuta wateja 154 kila mwezi.

Kwa nini karatasi ilidanganya? Kwa sababu kinywaji chenye mchango wa 12 kilikuwa kinavuta wastani chini. Kilipoondoka, wastani ukainuka, kama vile wastani wa urefu wa darasa unavyopanda mtoto mfupi akihama. Darasa halikurefuka.

Na usidhani kukimbilia shabaha ya fedha kutakuokoa. Tuseme wateja wanahama kutoka nyama kwenda mboga: fungu linakuwa nyama 2, mboga 3, vinywaji 5. Mchango wa fungu unashuka kidogo, kutoka 258 hadi 252. Lakini mauzo ya fungu yameshuka zaidi, kutoka 520 hadi 480, hivyo mchango kama asilimia umepanda hadi 52.5. Shabaha ya mauzo inashuka kutoka 156,000 hadi kama 147,400. Inaonekana nafuu. Wateja je? Wanapanda kutoka 1,500 hadi 1,536. Mboga ina asilimia nzuri kuliko nyama, 60 dhidi ya 42, lakini inayolipa pango si asilimia. Nyama inaacha 42 mezani, mboga 36. Katika mgahawa wenye viti vichache, mteja mmoja hukalia kiti kimoja na hula sahani moja. Linalohesabika ni kiasi anachokiacha akiondoka.

Ndiyo maana kwa mgahawa wa kukaa mezani nashauri kwa nguvu kipimo kiwe mteja, na bidhaa ziwe ndani yake. Hesabu ni ileile ya uzani, ila uzani sasa unasomeka kwa lugha ya ukumbini: kati ya sahani 10, nyama ni 6 na mboga ni 4, na kila mteja hunywa kinywaji 1. Mchango wa mteja ni 0.6 mara 42, jumlisha 0.4 mara 36, jumlisha 12. Yaani 25.2 na 14.4 na 12, jumla 51.6. Mgahawa ukifunguliwa siku 26 kwa mwezi, wateja 1,500 ni wateja 58 kwa siku. Mhudumu anaielewa namba hiyo bila kufundishwa, na mwenye mgahawa akitazama ukumbi saa nane mchana anajua yuko wapi.

Rudi tena kwenye mwezi wetu kwa jicho hilo. Sahani 700 na 700 ni wateja 1,400. Walikunywa vinywaji 1,700, zaidi ya kimoja kila mmoja, na kwa hiyo kila mteja aliacha 53.6 hivi, zaidi ya 51.6 iliyotarajiwa ingawa walipunguza nyama. Wangehitajika 1,445, wakaja 1,400. Basi tatizo la mwezi huo lilikuwa wateja 45, chini ya wawili kwa siku. Vinywaji vingi viliijaza idadi ya bidhaa na kulificha pengo hilo. Tiba ya wateja wawili kwa siku si tiba ya menyu mbovu, na asiyetenganisha mambo haya mawili anaweza kuondoa sahani nzuri kwenye menyu bila sababu.

Kipimo hiki nacho kina mpaka wake. Chakula cha kubeba hakina mteja wa kiti. Mtu mmoja hubeba sahani nne, na vifungashio vyake ni gharama inayobadilika ambayo sahani ya mezani haina. Kifanye kundi lake, kwa gharama yake na uzani wake, na usimhesabu mbebaji kama mteja mmoja.

Mchanganyiko wenyewe uupate wapi? Kwenye risiti za wiki kamili, sita hadi nane, pasipo wiki ya sikukuu. Nasema wiki kamili kwa sababu walaji wa siku za kazi na wa mwisho wa wiki hawaagizi sawa; ukichukua siku 10, mchana wa Jumamosi unaweza kuingia mara mbili na kupindisha uzani. Hesabu sahani, usihesabu fedha. Chakula cha wafanyakazi na sahani zilizorudishwa visiingie kwenye idadi ya mauzo, ila gharama yake iandikwe mahali pake.

Menyu yenye vitu 30 haihitaji safu 30. Panga makundi, lakini panga kwa ukaribu wa mchango, si kwa jina la chakula. Sahani mbili za nyama, moja yenye mchango wa 42 na nyingine ya 20, hazifai kundi moja. Wateja wakihama kutoka ya kwanza kwenda ya pili, karatasi yako itaonyesha kwamba hakuna kilichobadilika, kwa sababu kundi limebaki na idadi ileile.

Hesabu ikishasimama, fanya ukaguzi huu mwisho wa kila mwezi. Zidisha idadi halisi ya kila kundi kwa mchango wake wa kwenye karatasi. Kisha chukua mauzo halisi na utoe gharama halisi za vyakula na vitumikavyo, baada ya kuhesabu bidhaa ghalani mwanzo na mwisho wa mwezi. Namba hizi mbili zikikaribiana, gharama zako za sahani ni za kweli, na tofauti na shabaha imetokana na idadi ya wateja au mchanganyiko. Zikiachana, usiguse mchanganyiko kwanza. Nenda jikoni na mizani. Mkono wa mpishi ukipanda kutoka gramu 200 hadi 230, nyama inagharimu 46 badala ya 40, mchango unashuka hadi 36, wastani wa bidhaa unashuka kutoka 25.8 hadi 24, na bidhaa 3,000 zinakuwa 3,225. Gramu 30, ambazo jicho halizioni kwenye sahani, zimedai bidhaa 225 zaidi.

Na mwisho kuhusu lini karatasi ichanwe na kuandikwa upya. Bei ya nyama ikibadilika, au sahani mpya ikiingia kwenye menyu, andika upya siku hiyohiyo. Nyama kati ya sahani 10 ikihama kutoka 6 hadi 5 kwa miezi miwili mfululizo, andika upya; mwezi mmoja pekee unaweza kuwa bahati tu. Na kabla ya kuajiri mpishi wa pili kwa 10,000 kwa mwezi, gawanya 10,000 kwa 51.6: wateja 194, karibu 8 zaidi kila siku. Kisha hesabu viti vyako, uone kama wana mahali pa kukaa.